Maneno 982 ndani ya kisanduku cha 500: jinsi ya kupunguza insha ya ufadhili bila kuiua

Mtoto wa dada yangu alinipigia simu Jumamosi moja baada ya adhuhuri. Yeye amemaliza shahada ya sayansi ya chakula katika kampasi ya Upper Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na amepanga chumba Kangemi. Mimi nilikuwa nimetoka kuswali msikiti wa Jamia mjini. "Mjomba," akasema, "fomu imenila insha yangu."

Nikamwambia ashuke mjini. Tulikutana Maktaba ya McMillan, pale Banda Street, ubavuni mwa msikiti, tukakaa na kompyuta yake. Insha aliyoiandika kwa wiki tatu ilikuwa na maneno 982. Ufadhili aliouomba mwaka uliotangulia ulikuwa ukiruhusu maneno 1,000. Huu wa sasa ulitaka 500, na yeye hakusoma maelezo hadi mwisho. Alibandika insha nzima, kisanduku kikapokea nusu, kikatupa nusu, wala hakikusema lolote. Alikuja kugundua alipofungua ukurasa wa kuhakiki maombi kabla ya kutuma: insha yake iliishia katikati ya sentensi. Mpango wake wote wa masomo ulikuwa umebaki nje.

Siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa Jumatatu.

Kwa miaka kadhaa nimesaidia kuchuja maombi ya ufadhili mdogo wa vijana wetu wa Pwani, na nimeona vijana wengi wazuri wakianguka hapa hapa. Wanayo ya kusema, ila hawajui nini kitoke na nini kibaki. Kwa hiyo nitaeleza tulivyofanya siku ile hatua kwa hatua, kwa mfano wa insha ile ile. Mwenyewe ameniruhusu, mradi nisimtaje jina.

Kwanza, jua unahesabu nini

Insha ilikuwa ya Kiingereza, lakini rasimu ya kwanza aliiandika kwa Kiswahili, kama wafanyavyo wengi wetu. Hakuna ubaya. Ubaya ni kuhesabu maneno kwenye rasimu ya Kiswahili na kudhani umefika. Kiswahili hufunga mengi ndani ya neno moja. "Sikuzipata" ni neno moja kwetu, lakini kwa Kiingereza huwa matano. Ukurasa wa Kiswahili uliotosha vizuri utafurika ukiutafsiri. Hesabu ile lugha utakayotuma, si nyingine.

Pili, angalia kama fomu inahesabu maneno au herufi. Mfumo wa UCAS, ambao hupokea maombi ya shahada ya kwanza ya vyuo vya Uingereza, hauhesabu maneno kabisa. Unahesabu herufi 4,000, na nafasi baina ya maneno nazo zimo. Kwa wanaoingia chuo kuanzia mwaka 2026, insha hiyo imegawanywa katika maswali matatu, na kila jibu lisipungue herufi 350. Kwa fomu ya namna hiyo, neno refu linakugharimu zaidi ya neno fupi. Kwa fomu ya maneno, yote mawili ni bei moja.

Ukiandika kwenye Google Docs, bonyeza `Ctrl+Shift+C` utaona maneno na herufi kwa pamoja. Hata hivyo, mwamuzi wa mwisho ni kisanduku chenyewe. Programu moja huhesabu neno lenye kistari kuwa moja, nyingine huhesabu mawili. Acha pengo la maneno matano au zaidi chini ya kikomo, halafu ubandike, uhifadhi, ufungue ukurasa wa kuhakiki, na usome sentensi ya mwisho. Ikiwa haina nukta yake, umekatwa.

Kabla ya kukata, gawa kwa rangi

Jambo la kwanza alilotaka kufanya ni kupita kila aya akitoa neno hapa na neno pale. Nikamzuia. Ukipunguza hivyo, kila sehemu hupungua kwa kiasi sawa, na iliyokuwa nene hubaki nene, iliyokuwa nyembamba hukatika kabisa.

Tulichapisha insha kwenye karatasi, saiba iliyo karibu, tukanunua kalamu tatu za rangi. Kijani kwa kila sentensi inayoeleza kwa nini anataka kusoma. Buluu kwa kila sentensi inayothibitisha kwamba amekwisha kufanya kitu. Nyekundu kwa kila sentensi inayosema atasoma nini na atafanya nini baadaye. Ambayo haiwi katika rangi yoyote tuliiacha nyeupe.

Kisha tukahesabu. Kijani maneno 412. Buluu 318. Nyekundu 169. Nyeupe 83, ambazo zilikuwa shukrani, sifa za chuo na dua.

Ukiziona hesabu hizo utaelewa mara moja. Karibu nusu ya insha ilikuwa utoto wake, na mpango wa masomo, ambao ndio mfadhili analipia, haukufika hata nusu ya hapo. Tena ulikaa mwisho kabisa, ndiyo maana kisanduku kilipokata kiliukata wote.

Nikamwambia: tunashuka hadi 500, lakini nyekundu haitashuka. Akanitazama kama niliyechanganyikiwa. Tulipomaliza, kijani kilikuwa 108, buluu 189, nyekundu 182, na nyeupe 17. Jumla 496. Insha ilipungua nusu, na mpango wa masomo uliongezeka.

Si kila fomu itakupa nafasi ya kuhamisha maneno namna hii. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, umezoea kugawa insha katika maswali manne: uongozi, mahusiano na watu, masomo unayoyataka, na mpango wa kazi. Kila jibu lina kikomo chake, na huwezi kukopa maneno ya hili ukalipe lile. Hata hapo kalamu za rangi zinafaa, maana utaona kama umeweka hadithi ya utoto ndani ya swali la kazi.

Sababu: kata historia, bakiza tukio

Hapa chini nawapa vipande kwa Kiswahili, na hesabu ninazotoa kwa kila kipande ni za maneno haya mnayoyasoma. Hivi ndivyo insha ilivyofungua:

"Tangu nikiwa mtoto mdogo nimekuwa na mapenzi makubwa na sayansi. Nilizaliwa na kulelewa katika kijiji cha wavuvi kaunti ya Kilifi, mahali ambapo bahari ni kila kitu kwetu. Nakumbuka bibi yangu akianika samaki uani kila alfajiri, na nakumbuka mvua ya masika ilivyokuwa ikiwaharibu. Nilikuwa nikihuzunika sana kumwona akiwatupa. Tajiriba hiyo ilinifunza kwamba chakula ni uhai, na tangu siku hiyo niliapa kwamba nitasoma kwa bidii ili niwasaidie watu wangu na taifa langu kwa jumla."

Maneno 72. Nilimuuliza: katika haya, ni lipi ambalo mwombaji mwingine hawezi kuliandika? Sentensi ya kwanza kila mtu anayo. Ya mwisho kila mtu anayo. Huzuni kila mtu anayo. Lake peke yake ni bibi, samaki na masika. Nikamuuliza tena: bibi alikuwa akitupa samaki wangapi? Akafikiri, akasema, "Katika kumi, watatu, wanne hivi." Katika maneno 982 hesabu hiyo haikuwamo.

Ikawa hivi:

"Bibi yangu huanika ng'onda uani kwake Kilifi. Msimu wa masika, kati ya kila samaki kumi hutupa watatu au wanne, kwa kuwa hakuna jua la kuwakausha kabla hawajaingia funza. Nataka kusomea namna ya kuwakausha bila kungoja jua."

Maneno 36, nusu kamili. Huzuni haikutajwa, lakini msomaji ataihisi mwenyewe. Na sentensi ya mwisho haisemi kuapa wala taifa, inasema tatizo anakotaka kulipeleka darasani. Ndiyo kazi ya sababu katika insha fupi: kumfikisha msomaji kwenye swali la masomo upesi.

Ushahidi: usiupunguze, ubadilishe

Kipande cha buluu kilichotusumbua zaidi ni hiki:

"Katika mafunzo yangu ya nyanjani nilipata fursa ya kufanya kazi na kikundi cha kina mama wanaokausha samaki, na nilijifunza mambo mengi sana kuhusu uongozi, ushirikiano na uvumilivu. Nilihusika katika ujenzi wa kikaushio, jambo ambalo liliwasaidia sana kina mama hao kuboresha maisha yao."

Maneno 42, na hayathibitishi kitu. "Nilihusika" yaweza kuwa alichora ramani, yaweza kuwa alibeba misumari. "Sana" imeandikwa mara mbili kwa sababu hakuna kipimo hata kimoja. Anayechuja maombi akiliona neno "nilihusika" hudhani la chini, hata kama ulifanya la juu.

Nikamuuliza maswali manne. Ulifanya nini kwa mkono wako? Pamoja na nani, wangapi? Nini kilibadilika? Ulijuaje kimebadilika? Majibu yake ndiyo haya:

"Katika wiki nane za mafunzo ya nyanjani, nilijenga na kina mama 14 kikaushio cha mbao na karatasi ya plastiki. Nilipima unyevu wa samaki kila jioni. Siku tatu za kukausha zilipungua zikawa siku moja na nusu. Siku za mawingu kikaushio hakikufaa."

Maneno 40. Tumeokoa mawili tu. Hapa ndipo vijana hukasirika, kwa kuwa wanadhani kupunguza ni kufanya kila kipande kiwe kifupi. Ushahidi mzuri una tarakimu na majina ya vitu, na hivyo vinachukua nafasi. Unaokoa kwa kutoa ushahidi mzima ulio dhaifu. Insha yake ilikuwa na vithibitisho vitano: kikaushio, klabu ya mazingira ya chuo, tuzo ya shule ya sekondari, kujitolea katika kambi ya matibabu, na kazi ya miezi mitano kwenye maabara ya kupima maziwa. Tulibakiza kikaushio na maabara. Vingine vitatu vilikuwa vizuri, lakini havikuhusiana na kukausha samaki, na vyote vilikuwamo tayari kwenye wasifu wake, ambao fomu iliuomba ukurasa mwingine.

Hilo ni jambo la kukagua kila mara. Alama zako zimo kwenye nakala ya matokeo. Tuzo zimo kwenye wasifu. Tabia yako wataieleza walimu wawili watakaokuandikia barua. Ukirudia hayo ndani ya insha ya maneno 500 unalipa mara mbili kwa mzigo mmoja. Yeye alikuwa na maneno karibu 60 yanayotaja shahada, daraja lake na mwaka wa kuhitimu. Yote yalitoka.

Angalieni pia sentensi ile ya mwisho: "Siku za mawingu kikaushio hakikufaa." Alikuwa hataki kuiweka. "Mjomba, hii si ni kujitia aibu?" Nikamwambia hii ndiyo daraja. Bila hiyo, msomaji atauliza: kama kikaushio kilifaulu, unakwenda kusoma nini tena? Penye kikomo cha kazi yako ndipo haja ya masomo inapoanzia.

Mpango: hapa ndipo ulipe

Mpango wa zamani ulisema hivi:

"Nikipata ufadhili huu nitasoma kwa bidii na kutumia vizuri maabara za kisasa za chuo chenu maarufu duniani. Baada ya masomo nitarudi nyumbani kuisaidia jamii yangu."

Maneno 25. Ni mafupi, na mtu mwenye haraka ya kupunguza atayaacha kama yalivyo kwa kuwa hayachukui nafasi. Lakini ukiyabandika kwenye maombi ya mtu anayetaka kusoma sheria au uuguzi, yatakaa vilevile. Sentensi inayoweza kuhamia kwenye insha ya mtu mwingine bila kubadilishwa neno haina haki ya kubaki.

Tulifungua orodha ya masomo ya shahada ile aliyoiomba, tukaisoma muhula kwa muhula. Tukaandika:

"Somo la ukaushaji wa chakula, muhula wa kwanza, litanipa hesabu za joto na unyevu ambazo sikuzipata katika shahada ya kwanza. Tasnifu yangu itajaribu kikaushio kinachotumia jua mchana na makaa ya vifuu usiku. Nikirudi, mwaka wa kwanza nitakijaribu na kikundi kilekile cha kina mama 14, msimu wa masika, na kuhesabu samaki wanaotupwa."

Maneno 51, mara mbili ya yale ya kwanza. Sasa mfadhili anajua somo gani, tasnifu gani, akirudi ataanzia kwa nani, na kazi itapimwa kwa nini. Na kuhesabu samaki wanaotupwa kunarudi moja kwa moja uani kwa bibi, kule tulikoanzia. Chevening humtaka mfadhiliwa arudi kwao kwa miaka miwili baada ya masomo, na wafadhili wengine wengi nao huuliza habari za kurudi. Neno "nitarudi" peke yake ni ahadi. Ukisema utarudi kwa nani na kufanya nini, umeleta mpango.

Ukikata mno, utajuaje

Jioni ile alirudi Kangemi na rasimu ya maneno 540. Kwenye matatu, katika foleni ya Waiyaki Way, aliendelea kukata kwenye simu, na alipofika nyumbani alikuwa na 471. Akanitumia kwa furaha. Nikaisoma, nikakuta amekata viungo: "kwa kuwa", "lakini", "ndiyo maana". Kila sentensi ilisimama peke yake kama nguzo za boma bovu. Jua lilitajwa, samaki walitajwa, ila msomaji hakuambiwa kimoja kilileta kingine. Viungo vile ni maneno machache sana, lakini ndiyo yanayomfanya bibi awe sababu ya tasnifu. Tukavirudisha, tukafika 496.

Kosa jingine alilolifanya katika kukata ni kufupisha jina la mradi kwa herufi zake za kwanza. Maneno matano yakawa moja, lakini nani Uingereza au Ujerumani anazijua herufi hizo? Ukiwa huna nafasi ya jina refu, eleza kitu chenyewe kwa maneno mawili: "mradi wa chuo" inatosha.

Jumapili tulifanya jaribio la mwisho. Alimpa insha jirani yake wa pale Kangemi, mshonaji, mtu asiyejua lolote kuhusu sayansi ya chakula lakini anasoma Kiingereza vizuri. Akamwachia aisome mara moja tu, kisha akaichukua na kumuuliza maswali matatu: Kwa nini nataka kusoma? Nimefanya nini tayari? Nitasoma nini na nitafanya nini nikirudi? Jirani akajibu la kwanza na la pili bila kusita. La tatu akasema, "Utatengeneza kikaushio cha usiku, cha makaa." Somo la muhula wa kwanza hakulikumbuka, na si neno. Aliyekumbuka makaa ya vifuu ameushika mpango.

Kama angejibu, "Unapenda kusaidia jamii," tungejua tumekata pasipo.

Fomu ilitumwa Jumapili usiku, siku moja kabla ya mwisho, baada ya kuhakiki sentensi ya mwisho na kuiona nukta yake. Majibu bado hayajaja.

Yale maneno 486 yaliyotoka hatukuyafuta. Nilimwambia ayahifadhi kwenye faili jingine, klabu ya mazingira, kambi ya matibabu na yote. Akiitwa kwenye usaili, watamuuliza mambo ambayo insha haikuwa na nafasi nayo, na majibu atakuwa ameshayaandika.

Bibi naye alipigiwa simu akasomewa kipande chake kwa Kiswahili. Akasema hesabu ya samaki imekosewa: masika ya mwaka huu, katika kumi, alitupa watano.